Mdomo wa bi harusi ukihamishwa picha: umbo kwanza, rangi baadaye

Msomaji mwenye studio Kigoma mjini ameuliza swali zuri. Kwenye picha ya pamoja ya ufukweni, bi harusi alinaswa akiongea, mdomo umekwenda upande. Fundi akachukua mdomo kutoka picha ya saluni ya asubuhi, akaubandika kwa Photoshop. Mdomo ukakaa kama stika. Anauliza afanyeje ukae kama wa picha ileile.

Tatizo la kwanza ni umbo. Usipime ukubwa kwa upana wa mdomo, maana mtu akitabasamu mdomo hutanuka na kuwa mwembamba. Pima umbali kati ya pembe za nje za macho kwenye picha zote mbili, ukuze au upunguze chanzo mpaka vilingane. Kisha tazama mashavu. Tabasamu huinua mashavu na kuchora mikunjo kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo, kwa hiyo midomo iliyofumbwa ikiwekwa kati ya mikunjo hiyo inadanganya papo hapo. Chukua eneo lote kuanzia chini ya pua hadi kidevuni. Liquify itumike kuinua pembe za mdomo kidogo tu. Kama chanzo kinaonyesha meno na picha lengwa haionyeshi tabasamu, tafuta chanzo kingine.

Rangi ndiyo inayowashinda wengi. Lipstiki ileile nyekundu ya zabibu, chini ya taa ya njano ya saluni huelekea kahawia. Jioni ufukweni, baada ya kula na kunywa, imefifia katikati. Basi usichukue rangi saluni. Fungua picha nyingine ya ufukweni ya bi harusi huyohuyo, weka Eyedropper kwenye 5 by 5 Average, uchukue rangi sehemu isiyong'aa. Ipake kwenye leya mpya juu ya mdomo, Blend Mode iwe Color, Opacity asilimia 70 hivi.

Hapo kuna mtego: Color hubadilisha rangi lakini mwanga na giza hubaki vya chini yake. Wengi wetu mdomo wa juu ni mweusi zaidi na wa chini una wekundu, na wa juu pia hupata kivuli. Kwa hiyo rekebisha kila mmoja kwa Curves yake, ukilinganisha na ile picha nyingine. Ukiipa yote miwili giza sawa, unapata stika tena.

Mng'ao nao una upande. Taa ya saluni huacha doa jeupe katikati ya mdomo wa chini, ilhali jua la jioni Kigoma linazama upande wa ziwa. Futa doa hilo kwa Healing Brush, kisha upake mng'ao hafifu upande ulioangalia jua.

Kwenye mask, mdomo wenye upana wa pikseli 300 unatosha kulainishwa pikseli 2 ukingoni. Pembeni, lipstiki inapofifia yenyewe, ongeza hadi 5. Mwisho geuza picha kushoto-kulia na uiangalie kwa asilimia 25. Jicho likikimbilia mdomo kabla ya macho ya bi harusi, mara nyingi mdomo wa juu bado una mwanga mwingi. Rudi kwenye Curves yake.