Kwa nini makisio 1, 2 na 3 hayakupi mizizi yote

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimeandika programu ya Python ya kutafuta mizizi yote ya polinomia kwa mpigo, kwa njia ya Durand-Kerner. Naijaribu kwa z³ − 2z − 5, naanza na 1, 2 na 3. Namba moja inatulia kwenye 2.0945, lakini mbili zinarukaruka hata nikiipa raundi elfu moja. Nikiweka 3.0001 badala ya 3, zinaruka kivingine kabisa. Kosa liko kwenye kodi yangu au kwenye njia yenyewe?

Jibu: Marahaba. Kodi yako inaonekana iko sawa. Tatizo ni zile namba tatu ulizoanza nazo, na bahati nzuri polinomia uliyoichagua (Newton mwenyewe aliitumia kuonyesha njia yake) ni ndogo kiasi kwamba tunaweza kuona kwa kalamu na karatasi kinachotokea.

Tuanze na kanuni. Polinomia p ikiwa imegawanywa ili namba inayozidisha z yenye kipeo kikubwa iwe 1, kila raundi tunarekebisha kila kisio hivi:

```
z_i  ←  z_i − p(z_i) / Π (z_i − z_j),   j ≠ i
```

Sababu ya kugawanya kwa zao hilo ni rahisi. Tuseme makisio mengine yote tayari ni mizizi kamili. Basi zao la (z_i − z_j) ndilo sehemu yote ya p isipokuwa kipande kimoja, (z_i − mzizi unaotafutwa). Ukigawanya, kinachobaki ni umbali kamili kutoka kisio hadi mzizi, na ukiutoa umefika kwa hatua moja. Makisio mengine yakiwa na kosa dogo, unafika karibu, na makosa yanazidishana yenyewe kwa yenyewe, hivyo idadi ya tarakimu sahihi hukaribia kuongezeka maradufu kila raundi. Weierstrass aliichapisha kanuni hii 1891. Durand (1960) na Kerner (1966) waliifikia tena wakati kompyuta zimeanza kuwa kitu cha kawaida, ndiyo maana majina yao yamebaki.

Sasa tuiendeshe kwa 1, 2 na 3. Kwa kisio 1, p(1) = −6 na zao ni (1−2)(1−3) = 2, kwa hiyo kisio jipya ni 1 + 3 = 4. Kwa 2, p(2) = −1 na zao ni −1, tunapata 1. Kwa 3, p(3) = 16 na zao ni 2, tunapata −5. Tukiendelea:

```
raundi 0:   1.0000    2.0000    3.0000
raundi 1:   4.0000    1.0000   −5.0000
raundi 2:   2.1111    0.6667   −2.7778
raundi 3:   2.0847   −0.5467   −1.5380
raundi 4:   2.0962   −2.1071    0.0109
```

Kwanza tazama jumla ya kila mstari kuanzia raundi ya 1: ni 0, ukiacha tarakimu ya mwisho inayopotea kwa kukadiria. Si bahati. Ukirekebisha makisio yote kwa pamoja kwa kutumia thamani za raundi iliyopita, jumla yake baada ya raundi ya kwanza lazima iwe sawa na jumla ya mizizi ya kweli, yaani kinyume cha namba inayozidisha z². Hapa z² haipo, kwa hiyo ni 0. Hiki ndicho kipimo cha kwanza ninachokitumia kujua kama kodi ya mtu ina kosa la kuandika: jumla ikikosea, tafuta kosa kwenye kodi, jumla ikiwa sawa na makisio bado yanaruka, tafuta kosa kwenye makisio ya kuanzia. (Ukitumia thamani mpya papo hapo ndani ya raundi hiyohiyo, kipimo hiki hakifanyi kazi, ingawa njia bado inafanya kazi.)

Mizizi ya kweli ni 2.09455 na pea −1.04728 ± 1.13594i. Makisio yako yote ni namba halisi, na namba zilizomo kwenye p ni halisi. Kanuni inajumlisha, inatoa, inazidisha na kugawanya tu, kwa hiyo kutoka hapo haiwezi kuzalisha sehemu dhahania hata chembe. Hata ukizihifadhi kama `complex`, sehemu hiyo itabaki sifuri kamili milele. Makisio mawili yanatafuta mizizi ambayo haipo kwenye mstari yanaoruhusiwa kutembea.

Kwa nini basi yanaruka badala ya kusimama mahali? Kisio la kwanza likishatulia kwenye 2.0945, jumla ikiwa 0 inalazimisha mawili yaliyobaki yawe na kitovu kimoja, −1.0473: moja upande huu, jingine upande ule, kwa umbali ulio sawa. Uite umbali huo d. Ukiandika kanuni kwa d peke yake unapata

```
d  ←  (d − 1.2904/d) / 2
```

na 1.2904 ni mraba wa 1.13594. Sasa andika d = 1.13594 · cot θ. Kanuni nzima inageuka kuwa sentensi moja: kila raundi, pembe θ inazidishwa mara mbili. Basi. Hakuna kukaribia popote, ni pembe inayozunguka duara kwa kujizidisha mara mbili, na kila inapopita karibu na pembe ambayo kotanjenti yake ni kubwa, unaona kisio likirushwa mbali.

Hapohapo ndipo 3.0001 yako inapojibiwa. Tofauti ya sehemu moja ya elfu kumi kwenye θ inakuwa mbili, nne, nane. 2¹⁴ ni 16,384, hivyo baada ya raundi kama 14 mifuatano miwili haina uhusiano tena. Hata tofauti ndogo kabisa ambayo namba ya desimali ya kompyuta inaweza kuihifadhi inamezwa baada ya raundi hamsini na kitu. Kwa hiyo raundi elfu moja ulizoipa hazikukukaribisha na jibu. Baada ya hamsini za kwanza, unachokitazama kimeamuliwa na tarakimu zilizokatwa.

Dawa ni kuanza nje ya mstari. Weka makisio kwenye duara, kitovu chake kikiwa wastani wa mizizi, kisha ligeuze kidogo:

```python
import cmath
a = [1, 0, -2, -5]
n = len(a) - 1
c = -a[1] / n           # wastani wa mizizi
R, phi = 2.0, 0.4
z = [c + R*cmath.exp(1j*(phi + 2*cmath.pi*k/n))
     for k in range(n)]
```

Nusu kipenyo 2 nimekipata hivi: zao la mizizi yote lina ukubwa wa 5, mzizi wa tatu wa 5 ni 1.71, nikapandisha kidogo. Kwa polinomia yako inatokea hivi:

```
raundi 0:  1.842+0.779i   −1.596+1.206i   −0.247−1.985i
raundi 1:  1.825+0.091i   −1.216+1.004i   −0.609−1.094i
raundi 2:  2.112−0.041i   −1.010+1.105i   −1.102−1.064i
```

Raundi ya 3 inashusha makosa hadi sehemu chache za elfu, na ya 4 hadi sehemu chache za milioni. Ni polinomia ileile na kanuni ileile. Tulichobadilisha ni mahali pa kuanzia tu.

Ile pembe 0.4 usiichukulie kama urembo. Watu wengi wakisikia "duara" huweka 1, i, −1, −i kwa polinomia ya digrii ya 4, na wanaanguka kwenye mtego uleule kwa mlango mwingine. Seti hiyo ina ulinganifu: mstari wa namba halisi ukiwa kioo, i na −i ni pacha. Kanuni inautunza ulinganifu huo, pacha hubaki pacha na halisi hubaki halisi. Kama polinomia ina mizizi minne halisi iliyo tofauti, pacha wawili hawawezi kamwe kwenda kwenye mizizi miwili tofauti ya mstari. Kwenye kompyuta makosa ya kukadiria wakati mwingine huvunja ulinganifu huo yenyewe, na ghafla baada ya raundi nyingi programu inatulia, jambo linalomfanya mtu aamini ilihitaji muda tu. Duara lenye kitovu halisi lina ulinganifu huu pale phi inapokuwa kizidisho cha π/n. Kwa digrii ya 8, π/8 ni 0.3927, kwa hiyo 0.4 yangu inakuwa mbaya huko. Andika `phi = cmath.pi/(2*n)` na uko katikati kabisa kati ya pembe mbili mbaya.

Kuna mipaka miwili ambayo uchaguzi wa makisio hauiondoi. Mzizi ukijirudia, mfano (z−1)³, makisio matatu yatausogelea taratibu, kila raundi ikikata sehemu fulani ya kosa badala ya kuongeza tarakimu maradufu, na usahihi wa kila moja utakwama mapema. Ukiona makisio kadhaa yamekusanyika mahali pamoja na yanasogea polepole, chukua wastani wao. Huwa ni sahihi kuliko lolote kati yao.

Wa pili ni mgumu zaidi. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba makisio yanayoshindwa ni machache mno, kwamba ukichagua bila mpangilio utafika tu. Mwaka 2020 Reinke, Schleicher na Stoll walionyesha kwamba sivyo: kuanzia digrii ya 3 zipo polinomia ambazo eneo zima la makisio huvutwa kwenye mzunguko unaojirudia bila kufika kwenye mizizi. Hali hii ni adimu kwenye kazi za kawaida, lakini inaamua jinsi ya kuandika kitanzi chako. Weka kikomo cha raundi, kwa polinomia ndogo 100 zinatosha sana, na simama pale rekebisho kubwa kuliko yote linapokuwa dogo ukilinganisha na ukubwa wa makisio. Kikomo kikifika kabla ya hapo, usiongeze raundi: ongeza `phi` kidogo, badilisha `R`, uanze upya. Mwisho zidisha (z − z_1)(z − z_2)(z − z_3) na ulinganishe na 1, 0, −2, −5 kabla hujamkabidhi mtu yeyote jibu.