Kutoka ukurasa wa shajara hadi ubeti mmoja

«Nimehamia nchi ya mbali na nimeandika kurasa mbili za shajara kuhusu kukumbuka nyumbani. Nikijaribu kuzigeuza shairi fupi, napata malalamiko yenye vina tu. Nianzie wapi?»

Ndugu, mimi nilianza kwa kupiga mstari chini ya kila kitu ambacho mtu mwingine angeweza kukiona au kukigusa. Katika shajara yangu ya mwezi wa pili ugenini, maneno kama upweke, majonzi na moyo yalikuwa yamejaa tele, lakini mistari niliyopiga ilikuwa mitatu tu. Mmoja ulikuwa chini ya sentensi niliyoiandika bila kuitilia maanani: «Usiku mkono wangu bado unatafuta swichi upande wa kushoto, kama kule nyumbani, na hapa iko kulia.» Niliichagua hiyo kwa sababu mkono ulikuwa ukikumbuka nyumbani bila mimi kuuambia.

Nikaamua kutunga ubeti mmoja wa mishororo minne, mizani nane kwa nane. Mishororo miwili ya kwanza ilikuja kwa urahisi, ila wa tatu ulinishinda, nikaandika hivi:

*Moyo wangu waniliza, kama ndege wa mkasa*

Mizani imetimia na vina vimekaa, lakini «ndege wa mkasa» si kitu chochote. Aliletwa na kina cha «sa», na papo hapo chumba chenye giza kikatoweka. Isitoshe, «waniliza» linamtangazia msomaji kile ambacho mkono ulikuwa tayari unamwonyesha. Kipimo changu tangu hapo ni kujiuliza kama mtu angeweza kuuchora mshororo huo ndani ya picha ileile. Akilazimika kuchukua karatasi nyingine, naufuta.

Nilipoufuta na kurudi ukutani, ndipo nilipogundua kwamba lugha yetu ilikuwa imeniwekea akiba: «kulia» ni upande, na pia ni kutoa machozi. Neno hilo nililiondoa kila mahali pengine, nikalihifadhi kwa ajili ya mwisho, hata kwa gharama ya kuvunja kina cha mwisho katika kituo, jambo ambalo arudhi inaliruhusu.

Mwezi wa Pili Ugenini

*Naamka kuna giza, mkono unapapasa,*
*Ukutani wauliza, swichi iko wapi sasa,*
*Kushoto nimemaliza, hakuna cha kukigusa,*
*Taa haitaangaza, nisipofika kulia.*

Ubeti wenyewe hautaji nyumbani wala safari, kwa hiyo kazi hiyo imebebwa na kichwa. Ukikiondoa, msomaji ataona mtu aliyepotea gizani tu. Sentensi nyingine mbili nilizopigia mstari, ya sanduku lisilofunguliwa na ya simu inayokatika, zimebaki shajarani. Nilijaribu kuziingiza katika ubeti wa pili, zikaanza kugombania nafasi na mkono, nikaziacha.