Mwenzetu anahama, mwengine anaingia: mkataba ufanyweje?

Tumepanga nyumba Kiembesamaki, sisi watatu kwenye mkataba mmoja. Mmoja amepata kazi Pemba, anahama mwisho wa Juni, na tumeshapata wa kuingia. Mwenye nyumba anasema tukate tu jina lake kwa kalamu tuandike la huyu mpya. Yatosha?

Haitoshi, hata kama nyote mmeridhia. Jina lililokatwa halisemi limekatwa lini wala na nani, na nakala iliyobaki kwa mwenye nyumba huenda haikukatwa. Siku ikizuka kesi ya kodi, zitatokea karatasi mbili zinazopingana.

Mkataba wenu una saini tatu upande wa wapangaji. Kwa sheria ya mikataba, watu walioahidi kwa pamoja hudaiwa kwa pamoja: mwenye nyumba anaweza kumdai mmoja wenu deni lote, na huyo ndiye atakayewafuata wenzake wamrejeshee mafungu yao, isipokuwa mkataba uwe umegawa kodi kwa kila mtu peke yake. Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kuandika, na kila moja linahitaji ridhaa ya mwenye nyumba: kwamba anayeondoka amefunguliwa, na kwamba anayeingia amebeba wajibu ule ule. Likiandikwa la kwanza likaachwa la pili, nyinyi wawili mliobaki mnabeba nyumba nzima na mgeni hadaiwi chochote.

Andikeni karatasi moja ya marekebisho, muiambatanishe na mkataba wa awali. Maneno yake yawe hivi:

"Sisi tuliosaini hapa chini tunarekebisha mkataba wa kupanga wa tarehe 1 Mei 2025. Kuanzia tarehe 1 Julai 2025, (jina la anayeondoka) si mpangaji tena na hatadaiwa kodi wala uharibifu utakaotokea tangu siku hiyo. Kuanzia siku hiyo hiyo, (jina la anayeingia) ni mpangaji pamoja na waliobaki, na amekubali masharti yote ya mkataba. Kodi, muda na masharti mengine hayabadiliki."

Wasaini watu watano: mwenye nyumba, nyinyi wawili, anayeondoka na anayeingia. Wekeni mashahidi wawili, mmoja wa kila upande, na kila aliyesaini aondoke na nakala yake. Tarehe ya kutoka na ya kuingia zifuatane. Mkiacha pengo la wiki mbili, kodi ya wiki hizo ni yenu nyinyi mliobaki.

Mwenye nyumba yuko Omani, kodi tunampa mdogo wake. Nani asaini?

Angalieni mkataba wa awali ulisainiwa na nani. Ikiwa alisaini mwenyewe, mdogo wake kupokea kodi hakumpi ruhusa ya kubadilisha wapangaji. Muombeni karatasi ya uwakala inayotaja nyumba hiyo na kusema anaweza kusaini mikataba. Kama haipo, ipelekeni karatasi ya marekebisho kwa mwenye nyumba kwa simu, aichape, aisaini, aipige picha na kuirejesha. Sauti ya WhatsApp ihifadhiwe, lakini isikae mahali pa saini. Nyumba ya urithi inataka tahadhari zaidi, maana ndugu mmoja anaweza kukubali na mwengine akaja kudai kwamba mpangaji mpya hamtambui.

Tulilipa miezi sita mbele pamoja na amana. Anayeondoka anataka pesa zake kwa mwenye nyumba, naye anasema zimeshatumika. Tufanyeje?

Mara nyingi mwenye nyumba hana haja ya kutoa hata shilingi. Pesa zinatoka kwa anayeingia kwenda kwa anayeondoka, na zilizoko kwa mwenye nyumba zinabaki pale pale, kinachobadilika ni mwenye fungu tu.

Chukulia kodi ni 360,000 kwa mwezi, kila mtu 120,000. Mlilipa kuanzia Mei hadi mwisho wa Oktoba, na amana ya mwezi mmoja, 360,000, nayo mkaigawana sawa. Anayeondoka ametumia Mei na Juni. Imebaki miezi minne, yaani 480,000, na fungu lake la amana 120,000. Anayeingia anatoa jumla ya 600,000.

Kabla pesa hazijapita mkono, pitieni nyumba pamoja na mwenye nyumba. Tuseme kitasa cha chumba chake kimevunjika, fundi anataka 30,000, na fungu lake la bili ya maji halijalipwa, 15,000. Hizo 45,000 zinakatwa, naye anapokea 555,000. Kitasa kitengenezwe na maji yalipwe kwa zile zilizokatwa, siku hiyo hiyo.

Hapa ndipo watu wanapogombana miezi baadaye: wanagawana pesa vizuri, halafu hawaandiki amana sasa ni ya nani. Ongezeni sentensi moja kwenye marekebisho: "Fungu la amana la shilingi 120,000 lililokuwa la (anayeondoka) sasa ni la (anayeingia)." Bila hiyo, mgeni akihama mwakani ataambiwa hakuwahi kuweka amana. Na asimpe anayeondoka pesa kabla mwenye nyumba hajasaini. Akikataliwa, atakuwa anamfuata mtu ambaye keshavuka bahari.

Chumba cha anayetoka kipigwe picha siku ya makabidhiano, ukuta kwa ukuta, na mita ya umeme ya tukuza isomwe ili uniti zilizobaki zijulikane ni za nani.

Mimi ndiye niliyehama, miezi mitatu sasa. Mwenzangu aliyebaki hajalipa, na mwenye nyumba ananipigia mimi. Ana haki?

Kama hukusaini kufunguliwa, jina lako lingali pale na anaweza kukudai. Kurejesha funguo hakukuondoi kwenye mkataba. Muombe sasa karatasi ya marekebisho, ila usitarajie tarehe irudishwe nyuma. Deni la miezi iliyopita huenda ukalilipa kisha umdai mwenzako fungu lake. Weka risiti kwa jina lako.

Mwenye nyumba amekubali, ila anataka tuandike mkataba mpya na kodi ipande. Tukubali?

Mkataba wenu ukiwa bado una muda, kodi haipandi kwa sababu tu mpangaji mmoja amebadilika. Lakini naye halazimiki kumpokea mtu mpya, na mikataba mingi ina kifungu kinachokataza kumuingiza mtu bila ruhusa. Kwa hiyo ni mazungumzo. Mpelekeeni mapema, mwezi mmoja kabla kama mnaweza, barua fupi yenye jina la anayeingia, kazi yake, nakala ya kitambulisho chake na tarehe mnayoomba. Wenye nyumba wengi hukataa kwa kuwa wameletewa mtu mlangoni na mizigo yake. Muombeni mkae naye, amuone.

Akishikilia mkataba mpya, angalieni mambo mawili kabla ya kusaini. Uandike kodi ya hadi Oktoba imeshalipwa, na amana ya 360,000 imehamishwa kutoka mkataba wa zamani. Mkataba mpya usiotaja hayo unaweza kusomeka kana kwamba mnaanza sifuri.

Lazima twende kwa sheha?

Si yeye anayekifanya kibadilike kile mlichosaini. Lakini mgeni anapaswa kujulikana kwenye shehia anayoishi, na sheha akiwa shahidi wenu ni vigumu mtu kuja kukana saini yake. Nendeni na kitambulisho cha mgeni na nakala ya marekebisho, na anayeondoka naye aseme kwamba amehama.