Taa kufifia friji au pampu ikiwaka

Swali: Fundi shikamoo. Niko Buhongwa, Mwanza. Friji ikiwaka taa zinafifia kidogo halafu zinarudi, nimezoea. Ila tumefunga pampu ya hospawa moja kupandisha maji kwenye simtank, sasa taa zinafifia na haziwi sawa mpaka pampu izimwe. Ni waya au ni umeme mdogo tu?

Jibu: Marahaba. Hiyo ya friji isikutishe, mota ikiwa inaanza kuzunguka inavuta umeme mara tano mpaka saba ya ule inaotumia kawaida, kwa hiyo pampu yako ya ampea kama 6 inaweza kuvuta 30 na zaidi kwa nusu sekunde hivi, volti zinashuka, taa zinafifia, mota ikichanganya zinarudi. Kinachonitia wasiwasi ni hapo uliposema haziwi sawa mpaka izimwe. Ampea 6 ni kidogo, hazitakiwi kuzidi nguvu taa za nyumba nzima.

Taa na pampu zinakutana kwenye njia moja tu, kuanzia nguzo, mita ya luku mpaka mein swichi, kwa hiyo tatizo litafute hapo kwanza. Pampu inaanza haraka mno kuipima, tumia jagi la umeme la wati 2000. Chomeka malitimita kwenye soketi ya chumba kingine, soma volti, washa jagi, soma tena. Zikishuka 3 au 4 ni kawaida. Zikishuka 10 na kuendelea kuna mahali panabana umeme.

Kuna nyumba nilipima hukohuko milimani ikatoka 230 ikaenda 214. Kufungua mein swichi, skrubu ya nyutro haikukazwa vizuri, waya umekuwa mweusi na plastiki ya pembeni imeshabadilika rangi, maana katika zile volti 16, kama 13 zilikuwa zinapotea hapo, na kwa ampea 8 hiyo ni joto la wati karibu 100 limekaa sehemu ndogo kama punje ya hindi. Moto huanzia hapo, na breka haikati kwa sababu umeme haujazidi. Tulikata ncha iliyoungua, tukachuna upya, tukakaza, jagi likawashwa ikasoma 227.

Kwahiyo ita fundi azime umeme afungue mein swichi, wewe usiguse, zile waya za juu zinazotoka kwenye mita zina umeme hata ukizima. Akikuta kote kumekaza na volti bado zinashuka hapohapo zinapoingia, basi ni kwenye mita au nguzo, msikate sili, ripotini TANESCO.

Na ukiona pampu ikiwaka taa zinang'aa zaidi badala ya kufifia, hiyo mara nyingi ni nyutro ya nje imeachia, zima mein swichi saa hiyohiyo kabla friji na tivii hazijaungua.