DPO: kupima urefu wa mzunguko wa bei

"Nimeweka DPO ya 20 kwenye chati ya siku. Mzunguko naupimaje, na mbona mstari unaishia nyuma ya bei?"

Hesabu ya DPO, kipimo kinachoondoa mwelekeo wa bei ili mizunguko ionekane:

```
DPO = Close[11] - SMA(20)
```

Bei ya kufunga ya siku 11 nyuma (20/2 + 1) hutolewa SMA, yaani wastani wa bei za kufunga za siku 20 hadi leo, na jibu huchorwa kwenye siku hiyo ya nyuma, ndiyo maana mstari umebaki nyuma. Usiutumie kuingia sokoni.

Hesabu siku kutoka bonde hadi bonde la mstari wa DPO. Mabonde yakiwa siku ya 14, 33, 55 na 73, nafasi ni 19, 22 na 18: wastani karibu 20. Usishangilie bado, wastani wenyewe huweza kuzua mawimbi hata kwenye bei za kubahatisha. Badili 20 iwe 30. Nafasi zikirefuka kuifuata 30, wimbi ni la kipimo chako, si la soko.