Meso-dieni ikipashwa moto: isoma ipi inatawala?

"Nikipasha moto meso-3,4-dimethili-1,5-heksadieni, isoma ipi itatawala?"

Ni 2,6-oktadieni, karibu yote E,Z. Bondi ya C3 na C4 inakatika huku C1 na C6 zikiungana, na bondi maradufu zinahamia ndani, kila moja ikibeba methili. Hizo ni imara zaidi, ndiyo maana msawazo unaelemea huko.

Umbo ndilo la kuangalia kwa makini. Chora kaboni sita zikiwa katika hali ya mpito yenye umbo la kiti. Kwa meso, methili moja hulala pembeni, nyingine lazima isimame wima. Iliyolala huzaa E, iliyosimama huzaa Z. Wanakemia Doering na Roth walipata 99.7% ya E,Z kwa nyuzi 225 za Selsiasi, mwaka 1962. Ukikuta E,E nyingi, shuku kwamba dieni yako imechanganyika na rasemi.