Kwa nini tusi la mama huchoma kuliko tusi langu mwenyewe?

SWALI: Assalamu alaikum shehe. Mwenzangu kazini aliniita mwizi, nikanyamaza. Alipomtaja mama yangu kwa neno la uzinzi nilimtukania mama yake papo hapo, na nusura nimpige. Kwa nini hili liliniuma zaidi, na je, nina dhambi?

JIBU: Wa alaikumu salaam. Kukuita mwizi ni jambo lako: upo, unaweza kukanusha, na ukisamehe umesamehe haki yako. Mama yako hakuwepo, hakugombana na mtu, na hana nafasi ya kujitetea. Ukinyamaza juu ya nafsi yako utaitwa mvumilivu. Ukinyamaza juu yake unajiona umemtelekeza. Tena neno lile linatilia shaka nasaba yako, na ndugu zako wote wanaingia humo bila kujua.

Sheria nayo imelitenga. Kumsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi zinaa, bila mashahidi wanne, ni kadhfu, na adhabu iliyotajwa katika Suratun Nur aya ya 4 ni viboko 80, vinavyotolewa na kadhi, si na mkono wako. Kumwambia mtu "mwana wa mzinzi" kunahesabiwa kuwa ni kumsingizia mama. Kwa Mashafi, mwenye haki hapo ni mama mwenyewe. Kwa hiyo wewe huwezi hata kumsamehe huyo mtu kwa niaba yake akiwa hai.

Sasa dhambi. Hasira yenyewe haikuandikwa kosa. Lililoharibika ni jibu lako. Katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alisema kwamba miongoni mwa madhambi makubwa ni mtu kuwatukana wazazi wake. Masahaba wakashangaa: mtu atawatukanaje wazazi wake? Akajibu kwamba humtukana baba wa mwenzake, naye akatukaniwa baba yake. Humtukana mama wa mwenzake, naye akatukaniwa mama yake. Mwenzako ndiye aliyeanza, na mzigo huo ni wake. Lakini mama yake alikukosea nini? Kisasi kinachoruhusiwa ni cha mfano wake kwa mkosaji mwenyewe, na tusi la uzinzi halilipwi kwa tusi la uzinzi.

Wala usidhani hili huwapata wapumbavu tu. Abu Dharr (r.a.) aligombana na mtu akamuaibisha kwa mama yake, kwa kuwa hakuwa Mwarabu. Mtume akamwambia: "Wewe ni mtu ambaye ndani yako mna ujahilia." Katika mapokezi ya Muslim, Abu Dharr alijitetea kwamba anayewatukana watu hutukaniwa baba na mama yake. Utetezi huo haukumfaa kitu.

Basi tubu kwa Mola wako, na umtake radhi mwenzako kwa yale uliyomtamkia mama yake. Usiende kwa mama wa watu kumsimulia tusi asilolisikia. Muombee dua na msitiri.